Matabaka ya Angahewa: Zoezi la Kujaza Nafasi, Majibu Yake na Sababu ya Kila Jibu

Mazoezi mengi ya matabaka ya angahewa yanayozunguka mashuleni na kwenye simu yalitungwa kwa kufuata anga ya Ulaya na Marekani. Majina matano ya matabaka ni yale yale duniani kote, lakini vimo vyake hubadilika ukikaribia ikweta, na baadhi ya majibu hubadilika navyo. Mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu akijaza kwamba troposfia inaishia kilomita 11 na kwamba ndege za abiria hupita katika stratosfia, atawekewa vema zote mbili, ilhali juu ya kichwa chake mambo hayako hivyo. Zoezi lililo hapa limetungwa kwa anga ya tropiki, na kila jibu lenye utata limeelezwa ili anayesahihisha ajue la kukubali na la kukataa.

Kabla ya kujaza chochote, mwanafunzi anapaswa kujua kinachotenganisha tabaka moja na jingine. Hakuna ukuta huko juu, wala hewa haibadiliki rangi. Mpaka uko pale ambapo mwelekeo wa halijoto unageuka: ilikuwa ikishuka sasa inapanda, au ilikuwa ikipanda sasa inashuka. Vipimo hivi ni vya wastani kwa ukanda wa tropiki:

| Kimo (kilomita) | Halijoto (nyuzi za Selsiasi) |
|---|---|
| 0 | 27 |
| 5 | −3 |
| 10 | −36 |
| 17 | −78 |
| 25 | −52 |
| 40 | −19 |
| 50 | −3 |
| 70 | −54 |
| 85 | −96 |
| 110 | −32 |
| 120 | 107 |

Mpe mwanafunzi jedwali hili bila jina la tabaka hata moja, umwambie azungushie duara kila mahali halijoto inapogeuka. Atazungushia 17, 50 na 85. Hiyo ni mipaka mitatu, nayo inatenga matabaka manne. La tano, eksosfia, halionekani kwenye jedwali kwa sababu linatambuliwa kwa njia nyingine, na tutalifikia. Anayeanza hivi hana haja ya kukariri vimo, kwa kuwa ameshaviona.

Zoezi

Jaza nafasi zilizoachwa wazi. Kwa nafasi zisizo za tarakimu, chagua kati ya maneno haya. Neno moja linaweza kutumika zaidi ya mara moja, na yapo maneno ambayo hayatatumika kabisa.

*eksosfia, hupungua, huongezeka, ionosfia, mesopozi, mesosfia, moshi, mvuke wa maji, nitrojeni, oksijeni, ozoni, stratopozi, stratosfia, themosfia, tropopozi, troposfia, urujuanimno, vimondo, vyombo vya anga*

Tabaka la angahewa linalogusa ardhi na bahari huitwa (1) ________. Karibu (2) ________ wote ulio katika angahewa umo ndani yake, ndiyo maana mawingu na mvua hutokea humo. Katika tabaka hili halijoto (3) ________ kadiri unavyopanda, kwa wastani wa nyuzi (4) ________ kwa kila kilomita moja. Kikomo chake cha juu huitwa (5) ________, na juu ya nchi za ikweta kikomo hicho kiko kwenye kimo cha kilomita (6) ________ hivi. Ndege ya abiria inayopita juu ya Nairobi kwenye kimo cha kilomita 11 imo ndani ya (7) ________.

Tabaka la pili ni (8) ________. Humo halijoto (9) ________ kadiri unavyopanda, kwa sababu gesi ya (10) ________ hunyonya mionzi ya (11) ________ itokayo kwenye jua.

Kuanzia kilomita 50 hadi 85 hivi ni (12) ________, ambamo halijoto (13) ________ tena kadiri unavyopanda. (14) ________ vingi vidogo vinavyoingia kwa kasi kutoka angani huteketea kabla ya kulivuka tabaka hili. Kikomo chake cha juu, yaani (15) ________, ndipo penye baridi kali kuliko kwingine kote katika angahewa.

Kituo cha Kimataifa cha Anga ya Juu huizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, ndani ya (16) ________. Tabaka la mwisho kabisa, ambako chembe nyepesi kama za haidrojeni zinaweza kuiponyoka dunia, ni (17) ________. Sehemu ya angahewa yenye chembe zilizochajiwa umeme, inayoyarudisha chini mawimbi mafupi ya redio, huitwa (18) ________.

Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, kuna nyuzi 30. Kwa kutumia kiwango cha nafasi ya 4, kilele cha Kibo chenye kimo cha mita 5,895 kinakadiriwa kuwa na nyuzi (19) ________.

Majibu

(1) troposfia, (2) mvuke wa maji, (3) hupungua, (4) 6.5, (5) tropopozi, (6) 17, kubali 16 hadi 18, (7) troposfia, (8) stratosfia, (9) huongezeka, (10) ozoni, (11) urujuanimno, (12) mesosfia, (13) hupungua, (14) vimondo, (15) mesopozi, (16) themosfia, (17) eksosfia, (18) ionosfia, (19) −8, kubali −8.3.

Tahajia za majina haya bado hutofautiana kati ya kitabu na kitabu. Anayeandika "thermosfia" au "exosfia" amejua jibu, apewe alama yake. Anayechanganya tropopozi na troposfia hajajua, kwa sababu moja ni mpaka na nyingine ni tabaka lenyewe.

Nafasi ya 3 na ya 4: kwa nini juu kuna baridi

Kosa la kawaida katika nafasi ya 3 ni "huongezeka", na mwanafunzi ana hoja yake: ukipanda unalikaribia jua. Lakini jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, na kilomita 10 hazipunguzi chochote cha maana katika safari hiyo. Kinachotokea ni kwamba sehemu kubwa ya mwanga wa jua huipita hewa bila kuipasha, ikafika ardhini na baharini. Ardhi ikipata joto, ndiyo inayoipasha hewa kutoka chini, kama jiko linavyopasha sufuria. Kisha hewa iliyopata joto hupanda, na huko juu mgandamizo ni mdogo, kwa hiyo hutanuka. Kutanuka huko hutumia nishati ya hewa yenyewe, nayo hupoa.

Kiwango cha nyuzi 6.5 kwa kilomita ni wastani, si sheria. Hewa kavu inayopanda hupoa kwa nyuzi 10 hivi kila kilomita. Yenye mvuke unaogeuka matone hupoa polepole zaidi, kwa sababu mvuke unapogeuka maji hutoa joto. Ukitumia jedwali letu, kutoka 0 hadi kilomita 10 halijoto imeshuka nyuzi 63, yaani 6.3 kwa kilomita. Mwanafunzi aliyekokotoa hivyo na kuandika 6.3 asinyimwe alama. Amefanya kazi kubwa kuliko aliyekariri.

Nafasi ya 6 na ya 7: anga yetu ni ndefu zaidi

Hapa ndipo mazoezi ya kuletwa yanapokosea. Unene wa troposfia haulingani duniani. Karibu na ncha za dunia huishia kwenye kilomita 8 hivi, katika nchi za kati kama zile za Ulaya ni kilomita 11 au 12, na kwenye ikweta hufika 16 hadi 18. Sababu ni joto la ardhi na bahari za tropiki. Hewa yenye joto hutanuka na kuchukua nafasi kubwa zaidi kwenda juu, na mawingu makubwa ya radi, kama yale yanayojengeka juu ya Ziwa Viktoria, huisukuma hewa hiyo hadi kimo ambacho mawingu ya Ulaya hayafiki mara nyingi.

Kutokana na hilo hutokea jambo linalowashangaza wengi: sehemu ya juu ya troposfia ina baridi kali zaidi kwenye ikweta kuliko kwenye ncha za dunia. Hewa ya kwetu huanza na joto kubwa chini, lakini huendelea kupoa kwa kilomita nyingi zaidi kabla ya kukutana na mpaka. Ndiyo maana jedwali linaonyesha nyuzi 78 chini ya sifuri kwenye kilomita 17, wakati vipimo vya wastani wa dunia, vinavyonukuliwa katika vitabu vingi, huishia kwenye nyuzi 56 chini ya sifuri kwa kilomita 11.

Hilo limejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort alitangaza mwaka 1902 kwamba juu ya kimo fulani halijoto huacha kushuka, baada ya kurusha mamia ya maputo yenye vipimajoto. Mwaka 1908 Wajerumani Arthur Berson na Hermann Elias walikuja Afrika Mashariki na kurusha maputo yao kutoka Ziwa Viktoria. Walikuta kwamba hapa inabidi kupanda juu zaidi kuliko Ulaya kabla ya kuufikia mpaka huo, na kwamba hewa ya pale mpakani ina baridi kali zaidi.

Sasa tazama nafasi ya 7. Ndege za abiria za masafa marefu hupaa kwenye kilomita 10 hadi 12. Juu ya Ulaya ya kaskazini kimo hicho mara nyingi kiko ndani ya stratosfia, ndiyo maana zoezi la huko huandika "stratosfia" na liko sahihi. Juu ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ndege hiyo hiyo iko kilomita 5 hadi 7 hivi chini ya tropopozi. Bado imo kwenye troposfia, pamoja na mawingu ya radi ambayo rubani hulazimika kuyazunguka kwa sababu hawezi kuyapita kwa juu.

Mtihani usipotaja mahali popote, mwanafunzi akiandika 11 au 12 kwa kimo cha tropopozi apewe alama, kwa kuwa huo ni wastani wa dunia. Dawa ni kwa mtungaji kutaja mahali kwenye swali lenyewe. "Tropopozi iko kimo gani?" ni swali lenye majibu mengi, lakini ukiongeza "juu ya nchi za ikweta" linabaki na jibu moja.

Nafasi ya 8 hadi ya 11: ozoni

Wengi hujaza nafasi ya 8 kwa "tabaka la ozoni". Ozoni si tabaka la sita. Ni gesi iliyotawanyika ndani ya stratosfia, na hata pale ilipo nyingi zaidi ni chembe chache tu katika kila chembe milioni za hewa. Nairobi hupima jambo hili moja kwa moja: Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hurusha kutoka Dagoretti maputo yenye kipima-ozoni, na vipimo hivyo huonyesha ozoni ikiongezeka mara tu puto linapoivuka tropopozi.

Mwanafunzi makini atauliza swali ambalo mazoezi mengi hulikwepa. Ozoni hukolea zaidi kwenye kilomita 20 hadi 27 hivi. Kama ozoni ndiyo inayoleta joto, kwa nini halijoto ya juu kabisa iko kwenye kilomita 50? Kuna sababu mbili zinazofanya kazi pamoja. Mionzi ya urujuanimno hutoka juu, kwa hiyo ozoni ya kilomita 50, ingawa ni kidogo, huipokea ikiwa bado na nguvu yake yote. Ikifika kilomita 25, sehemu kubwa imeshanyonywa njiani. Halafu hewa ya kilomita 50 ni nyembamba mno, mgandamizo wake ukiwa karibu moja ya elfu ya ule wa usawa wa bahari. Nishati kidogo ikiingia kwenye hewa chache namna hiyo huipandisha halijoto sana.

Jibu "oksijeni" katika nafasi ya 10 lina chembe ya ukweli, kwani ozoni hutengenezwa kwa oksijeni na oksijeni nayo hunyonya sehemu ya mionzi hiyo. Hata hivyo, joto la stratosfia linatokana hasa na ozoni, na hilo ndilo jibu. Usiikubali oksijeni hapa.

Nafasi ya 12 hadi ya 15

Katika mesosfia ozoni imepungua sana, kwa hiyo hakuna cha kuipasha hewa vya kutosha, na kaboni dioksidi iliyomo humo hutupa joto kwenda angani. Matokeo yake ni baridi ya nyuzi 90 na zaidi chini ya sifuri.

Nafasi ya 14 inahitaji uangalifu wa mtungaji. Vitabu vingi husema "vimondo huungua katika mesosfia". Kwa kweli vimondo vingi tunavyoviona usiku huanza kung'aa kwenye kilomita 100 hivi, ambayo tayari ni themosfia, na kuzimikia karibu na kilomita 80. Kusema kwamba "huteketea kabla ya kulivuka tabaka hili" ni kweli kwa hali zote mbili.

Neno "vingi" katika sentensi hiyo limefuata upatanisho wa ngeli, na hilo linaweza kulifichua jibu. Kama kwenye orodha kungekuwa na neno moja tu la ngeli ya KI-VI, mwanafunzi asingehitaji kujua chochote kuhusu anga. Ndiyo maana "vyombo vya anga" vimewekwa humo, na "moshi" umewekwa kushindana na "mvuke wa maji" mbele ya "wote". Anayetunga zoezi la kujaza nafasi kwa Kiswahili apitie kila sentensi kwa jicho hili, la sivyo atakuwa anapima sarufi.

Nafasi ya 16 hadi ya 18

Halijoto ya themosfia huweza kuzidi nyuzi 1,000, na hapo huja swali: mbona kituo cha anga hakiyeyuki? Halijoto hupima mwendo wa chembe mojamoja, na chembe za huko kwa kweli zina mwendo mkali kwa kuwa zimenyonya mionzi mikali ya jua. Lakini ni chache mno kiasi kwamba zinazogusa chombo haziwezi kukipa joto la maana. Kinachokipasha chombo hicho ni mwanga wa jua wenyewe.

Usimdai mwanafunzi tarakimu moja ya halijoto ya themosfia. Hupanda na kushuka kati ya nyuzi 500 na 2,000 hivi kufuatana na shughuli za jua, ambazo huwa na mzunguko wa takriban miaka 11. Mpaka wake wa juu pia huhama, kati ya kilomita 500 na 1,000. Mpaka huo hautambuliwi kwa halijoto kugeuka. Ni pale hewa inapokuwa haba kiasi kwamba chembe hupita bila kugongana, na juu ya hapo ndipo eksosfia.

Ionosfia nayo si tabaka la sita. Huanzia juu ya kilomita 60 hivi, ndani ya mesosfia, na kuenea kote katika themosfia. Imetajwa kwa sababu ya umeme wa chembe zake, si kwa halijoto. Mwanafunzi akiiandika katika nafasi ya 16 hajakosea kabisa kisayansi, maana kilomita 400 zimo ndani yake. Kosa lake ni la mpangilio, kwani sentensi inayofuata inasema "tabaka la mwisho" na hivyo inadai mfuatano wa matabaka. Ukitaka kuondoa ubishi, andika "ndani ya tabaka la (16)".

Nafasi ya 19: hesabu

Geuza mita kuwa kilomita: 5,895 ni 5.895. Zidisha kwa 6.5, upate 38.3. Toa kwenye 30: 30 − 38.3 = −8.3. Makadirio hayo hayako mbali na hali halisi ya Kibo, ambako barafu hudumu.

Makosa ya hapa husomeka wazi kwenye jibu lenyewe. Aliyeandika 8 amesahau alama ya kutoa. Aliyeandika 38 amepata kiasi cha kupungua akaishia hapo. Mwenye tarakimu ya maelfu hakugeuza mita. Wawili wa kwanza wapewe alama ya njia, kwa kuwa dhana wanayo.

Kwa anayemaliza mapema, mpe hii: Nairobi, kimo cha mita 1,800, kuna nyuzi 24. Je, Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, kuna nyuzi ngapi? Tofauti ya kimo ni mita 3,185, yaani kilomita 3.185, mara 6.5 ni 20.7, jibu ni nyuzi 3.3. Akileta −8.4, ametumia kimo chote cha mlima na kusahau kwamba Nairobi yenyewe tayari iko juu.